Kiasi cha chuma kinachoondolewa kwa dakika kwenye milingi

"Kisu changu kina kipenyo cha mm 63, upana wa mkato ni mm 40, kina cha mkato ni mm 3, na meza inakwenda mm 480 kwa dakika. Chuma kinachotoka ni kiasi gani?"

Zidisha upana, kina na mwendo wa meza, kisha gawanya kwa 1000 ili upate sentimita za ujazo:

```
Q = 40 × 3 × 480 / 1000 = 57.6 cm³/min
```

Mchangiaji aliyejibu swali hili kabla yangu yuko sahihi kuhusu kanuni, lakini ametumia kipenyo cha 63 badala ya upana wa 40 na kupata 90.7, ilhali kinachohesabiwa ni upana ambao kisu kinaugusa kweli, wala si kipenyo chake chote.

Mwingine ameuliza kuhusu mwendo wa mm 0.1: huo ni wa kila jino la kisu, si wa meza, kwa hiyo uzidishe kwanza kwa idadi ya meno na mizunguko kwa dakika: kisu cha meno 6 kikizunguka mara 800 kwa dakika kinatoa mwendo uleule wa meza wa mm 480 kwa dakika.

Kwa chuma cha kawaida, mkato huu utahitaji takriban kilowati 2 kwenye spindo, ingawa kisu butu huongeza mzigo, na mota ikianza kunguruma kwa uzito, ni vyema kupunguza kina.