Fedha, pesa au hela? Tatizo liko kwenye "kufanya usimamizi"

*Mwalimu, tumetengeneza app ya bajeti kwa wafanyabiashara wadogo wa Mwaloni, Kirumba, ambao hawajawahi kutumia kitu kama hicho. Inaandika mauzo na matumizi, inatenga pesa ya mtaji na ya nyumbani, na haihitaji intaneti. Maelezo mafupi ya Google Play tumeandika: "Suluhisho bora linalokuwezesha kufanya usimamizi wa fedha zako binafsi kwa urahisi". Yamezidi kikomo. Tukiweka "pesa" au "hela" badala ya "fedha", itakuwa Kiswahili fasaha? – Msomaji, Mwanza*

Yote matatu ni fasaha. "Fedha" ni ya Kiarabu, na bado ni jina la madini pia. "Pesa" ilitoka Bara Hindi. "Hela" tuliachiwa na Wajerumani, walioleta sarafu hiyo mwaka 1904. Kwa wasomaji wenu chagueni "pesa", na "fedha" waachieni Wizara. Ila haitawaokoa. Kikomo ni herufi 80, nafasi zikihesabiwa, nanyi mna 82. "Pesa" itawafikisha 81.

Kinachowajazia kisanduku ni "linalokuwezesha kufanya usimamizi wa". Kiswahili kina kitenzi "simamia", kizima, hakina ugonjwa wowote. Mmekichukua mkakigeuza nomino, kisha mkaikodishia nomino hiyo kitenzi kingine, "kufanya", na juu yake mkapandisha "kuwezesha", kama mgeni anayefika na mpagazi wa kubeba kofia yake. Ugonjwa huu uko kila mahali: "fanya ufuatiliaji", "fanya uwekaji wa akiba", na siku moja tutaambiwa tufanye ulaji wa ugali. Msomee sentensi yenu mama anayepima dagaa kwa debe. Kwa adabu atasubiri umalize, kisha atauliza, "Sasa hiyo inafanya nini?"

Jibu ambalo mngempa hapo kwa mdomo ndilo maelezo yenu mafupi:

"Andika mauzo na matumizi. Tenga pesa ya mtaji na ya nyumbani, hata bila bando."

Hesabuni: ni 78. "Suluhisho", "bora" na "kwa urahisi" vimeondoka na hakuna aliyeviulizia. "Binafsi" nayo imeondoka, na ndiyo iliyokuwa na madhara kuliko zote, maana shida ya huyu mfanyabiashara ni kwamba pesa yake binafsi na ya biashara zinalala kwenye pochi moja.

Maelezo marefu yana nafasi ya herufi 4,000, lakini hujificha mpaka mtu abonyeze ayafungue, na wengi hawabonyezi. Wanatazama picha. Kwa hiyo maneno ya juu ya picha yana kazi kubwa kuliko aya zote, na humo ndimo neno moja lisilo na hatia linaweza kuwaharibia: "salio".

Kwa mtu wa benki, salio ni kilichobaki baada ya kutoa. Kwa mtumiaji wa simu, salio ni pesa iliyomo humo kwenye simu, anayoweza kuitoa kwa wakala. Tuseme picha yenu inaonyesha mauzo 60,000, mtaji wa kesho 42,000, nauli 2,000, chakula 3,000, na chini yake "Salio: 13,000". Mgeni ataingiza hesabu zake, ataona salio, kisha atatafuta kitufe cha kutoa. Hakipo. Maoni yatakayofuata yatakuwa ya nyota moja: "Wezi, wamekula hela yangu." Mkianza kuyaona hayo, msikimbilie kukagua programu, kagueni kwanza neno hilo.

Andikeni "Imebaki: 13,000". Juu ya picha hiyohiyo wekeni "Ukitoa mtaji, nauli na chakula, imebaki hii", ili maneno yaeleze tarakimu zinazoonekana chini yake. Si "Dhibiti matumizi yako", ambayo ingekaa juu ya picha yoyote, na kwa sauti ya askari wa zamu. Na sentensi ya kwanza ya maelezo marefu iwe: "App hii haitunzi pesa, inakuandikia hesabu tu."

"Kodi" nayo ifuatilieni kwenye picha. Peke yake, mmoja ataisoma kama ya mwenye nyumba na mwingine kama ya TRA, na huyu wa pili atadhani mnamripoti. "Kodi ya nyumba" inamaliza ubishi.

Maneno ya juu yawe mafupi: miongozo ya Google Play inataka yasizidi asilimia 20 ya picha. Miongozo hiyohiyo haitaki "Pakua sasa", na kwa mara moja nakubaliana na kampuni kubwa. Anayeyasoma tayari ana kitufe cha kupakua mbele ya macho yake.