Barua ya kurudishiwa rejesho lililokatwa mara mbili

"Benki imenikata rejesho la mkopo mara mbili kwenye akaunti ya mshahara. Barua niandikeje?"

Dada, kwanza tazama taarifa ya akaunti: mwezi uliopita walikata? Kama mshahara ulichelewa, huenda moja ni deni la nyuma, na hapo huna dai. Kama walikata, mwandikie meneja wa tawi:

YAH: KUREJESHEWA MAKATO YALIYOJIRUDIA

"Tarehe 25 akaunti yangu namba … ilikatwa Sh 185,000, rejesho la mkopo namba …. Tarehe 26 ilikatwa tena kiasi hicho hicho. Namba za miamala ni … na …. Naomba makato ya pili yarudishwe kwenye akaunti yangu, yasihesabiwe kuwa rejesho la mwezi ujao."

Ambatisha taarifa ya akaunti na slipu ya mshahara. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

— Mimi walinihesabia mwezi uliofuata. Si ni yale yale?

Kwako sawa, kaka, kama ulikubali. Anayedaiwa kodi ya nyumba leo anaihitaji hela leo, ndiyo maana sentensi ile ya mwisho asiiondoe.