SMS uliyoipanga haikwenda: angalia imeachwa katika hali gani

Ukikabidhiwa simu ya ofisi ili uwakumbushe wateja marejesho, jua kwanza ujumbe uliopangwa unasubiri wapi. Telegram na Gmail huuweka kwenye seva zao, kwa hiyo ukishapanga ukiwa na intaneti unaweza kuzima simu ukalala. Programu nyingi za SMS za Android huuweka ndani ya simu, kisha huiachia Android kengele iziamshe saa ikifika. Simu ikiwa imezimwa, hakuna wa kuutuma.

Tuseme ulipanga SMS iondoke saa 1:00 asubuhi, ambayo simu huiandika 7:00. Imefika saa 1:40 na mteja hajapata kitu. Usifute chochote bado.

Ikiwa na alama ya kushindwa, programu iliamka kwa wakati ila laini haikuwa na mtandao au salio. SMS ya kawaida haitumii bando la intaneti, hivyo kuzima data hakuizuii. Hali ya ndege inaizuia.

Ikiwa bado inasubiri ingawa saa yake imepita, programu haikuamka. Mara nyingi simu ilizimika na kuwaka usiku. Android hufuta kengele za programu simu inapozimwa, na kila programu hutakiwa kuziweka upya baada ya kuwaka. Tatizo ni kwamba, kwenye simu yenye PIN, programu nyingi hazipewi taarifa ya kuwaka mpaka mtu aingize PIN mara ya kwanza. Simu iliyojisasisha saa 9 usiku inaweza kukaa mezani na saa yake sahihi na mtandao umejaa, lakini ujumbe hautoki. Wageni wengi huilaumu laini hapo.

Kubonyeza `Force stop` ni kubaya zaidi: kengele hufutwa, na programu haiamki tena yenyewe hadi uifungue kwa mkono. Kuiondoa tu kwenye orodha ya programu za karibuni kwa kawaida hakufuti kengele, ila simu za baadhi ya watengenezaji huiua kabisa ili kutunza betri. Kwenye simu hizo ingia `Settings`, `Apps`, chagua programu, kisha `Battery`, uweke `Unrestricted`. Android 12 na kuendelea, kagua pia ruhusa ya `Alarms & reminders`. Ikikosekana, ujumbe unaweza kuchelewa kwa kuwa simu iliyolala huahirisha kazi za programu.

Jaribu kabla ya kuiamini simu. Panga ujumbe uende kwa namba yako nyingine baada ya dakika 15, kisha washa simu upya hapo hapo, ingiza PIN, usifungue programu. Usipofika, programu hiyo haifai simu inayozimwazimwa.

Ukiamua kutuma kwa mkono ujumbe uliokwama, ufute kwanza kwenye orodha ya zilizopangwa. Vinginevyo programu ikizinduka itautuma nao, na mteja atadaiwa mara mbili asubuhi moja.