Lefebvre siyo maharage, usichonge kabla hujasoma hapa

"Wakuu, nipo Ujiji, nimepata oda ya vibao vya mninga vya zawadi kwa wageni. Kila kibao kina jina la ukoo na picha ya kazi ya mababu. Majina ni Schmidt, Lefebvre, Ferreira, Kuznetsov na Demirci. Jamaa anayejua Kifaransa kasema Lefebvre ni watu wa maharage, yuko sahihi? Na vanishi gani haipauki, bei niweke ngapi?"

Weka patasi chini kwanza. Hayuko sahihi hata kidogo, na mwambie kasema fundi wa Tabora ambaye nishachonga maharage hayohayo, ganda limefunguka, punje unaziona moja moja, kazi safi mpaka leo nikikumbuka naumia. Maana mteja mwenyewe ndiye alikuwa Lefebvre, na yeye ndiye aliyeagiza vibao vya kundi zima. Alicheka, halafu akauliza kama la kwake limekosewa, hayo mengine atayaamini vipi? Oda yote ikarudi, na hela ya awali nilikuwa nishaimalizia kwenye mbao. Kile kibao mke wangu anafunikia sufuria ya maharage, angalau picha imepata pa kukaa.

Aliyeniponza ni mwalimu mmoja wa Kifaransa. Mtu anajua lugha, anaongea mpaka puani, kwa hiyo mimi nani nimbishie? Na kweli maharage kwa Kifaransa ni fève, ukilisikia jina unaona kabisa limo humo ndani. Ila alichokuwa anakijua ni Kifaransa cha leo, na jina la ukoo halikutengenezwa leo!

Iko hivi. Warumi fundi walimwita faber, awe wa chuma au wa mbao. Neno likashuka kwenye Kifaransa cha zamani likawa fevre, yaani mhunzi, na koo zikalishika: Lefèvre, Lefebvre, na kule kusini Fabre na Faure. Baadaye Wafaransa wakaacha kumwita mhunzi fevre, wakaanza kumwita forgeron. Jina likabaki, neno likaondoka, ndo maana Mfaransa mwenyewe wa leo anaweza asijue anaitwa Mhunzi. Limebaki kwenye orfèvre, yule fundi wa dhahabu, na mwalimu wangu hilo alikuwa analitamka kila siku bila kushtuka, dah. Hiyo b ya katikati ndo inachekesha, haitamkwi kabisa, makarani wa zamani waliichomeka kuonyesha kwamba asili ni faber ya Kilatini. Yaani jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jina lenyewe, sisi tunasikiliza kwa masikio. Kwa hiyo Lefebvre mchongee nyundo na fuawe.

Kanuni yangu ni moja tu na utaniona naing'ang'ania kila uzi: usiulize jina linasikika kama nini, uliza mhunzi aliitwaje mahali pale wakati jina linaganda, halafu angalia mkia wa jina. Schmidt hana shida, ni mhunzi, ingawa Mjerumani wa leo akiandika kazi yenyewe anaandika Schmied. Kuznetsov, mhunzi kwa Kirusi ni kuznets, na huo mkia wa -ov ni kama kusema "wa", mtoto wa mhunzi, nyundo inafaa.

Ferreira hapo sasa ndo usijifanye mjanja, maana mimi ningekimbilia nyundo tena. Chuma kwa Kireno ni ferro na mhunzi ni ferreiro, lakini Ferreira mara nyingi ni jina la mahali palipochimbwa au kufuliwa chuma, na Ureno sehemu zenye jina hilo ziko nyingi, watu wakaitwa kwa kijiji walichotoka. Babu anaweza kuwa alichunga mbuzi tu hapo kijijini. Huyo mchoree kilima chenye shimo la machimbo, au muulize kwao wapi.

Na Demirci, demir kwa Kituruki ni chuma, mkia wa -ci ni mwenye kazi hiyo, kwa hiyo mhunzi moja kwa moja, sivyo? Neno ndiyo, babu sina hakika. Uturuki sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo ilipita 1934, na watu wengi wakajichagulia. Mwingine kweli baba yake alifua chuma, mwingine kalipenda tu. Kwa hiyo chonga nyundo, ila ile sentensi ya "kazi ya mababu" ifute kwenye kibao chake, andika maana ya jina basi. Na huyo jamaa yako wa Kifaransa akija na ushauri wa jina lingine mpe msasa asugue mbao.