Kununua sarafu ikiwa karibu na kilele: je, umechelewa?

Oktoba 2025, bitkoini, sarafu ya kidijitali, ilipopita dola 125,000 na kuweka kilele kipya, shemeji yangu alinijia dukani hapa Busia, Uganda, na shilingi milioni mbili. Aliniuliza swali ambalo vijana wa bodaboda na walimu wa hapa jirani huniuliza kila bei inapopaa. Nawajibu kwa yale yaliyonipata mimi mwenyewe.

Bei ikishafika kilele, si lazima ishuke?

Hapana. Sarafu inayopanda kwa miaka mingi haina budi kuvuka vilele vyake vya zamani. Mwisho wa 2013 bitkoini ilipita dola 1,100, na aliyeogopa bei hiyo alikuja kuiona karibu na 20,000 Desemba 2017. Aliyeogopa 20,000 ilipovukwa tena Desemba 2020 aliona 64,000 miezi minne baadaye.

Lakini tazama pia kilichotokea katikati. Aliyenunua kwa 19,000 Desemba 2017 alishuka nayo hadi karibu 3,200 mwaka uliofuata, akasubiri miaka mitatu kurudisha dola zake. Hata yule wa Desemba 2020, aliyeonekana amewahi, aliiona ikishuka chini ya 20,000 Juni 2022. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mtu amechelewa, mimi huuliza kwanza: pesa hiyo unaihitaji lini?

Wewe ulinunua lini?

Novemba 2021, wiki ileile ya kilele cha dola 69,000. Nilikuwa na shilingi milioni tatu za faida ya maharagwe. Shule zilikuwa zimefungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona, karo haikuwa inadaiwa, na pesa ilionekana haina kazi. Nilinunua kwa bei ya dola 65,000 hivi. Dola wakati huo ilikuwa karibu shilingi 3,550, lakini mtu aliyeniuzia aliihesabu kwa 3,690, hiyo ndiyo faida yake. Nikapata bitkoini 0.0125.

Shule zikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Watoto watatu, karo, sare, magodoro. Bitkoini ilikuwa dola 42,000. Niliuza yote, na baada ya mnunuzi kukata chake nikabaki na milioni moja na laki nane. Milioni moja na laki mbili zilikwenda, na nusu ya muhula wa kwanza nikalipa kwa mkopo.

Sasa fuatilia zile 0.0125 kana kwamba sikuziuza. Novemba 2022, bei ilipofika karibu dola 16,000, zingekuwa na thamani ya shilingi laki saba na nusu. Machi 2024, bei ilipopita 70,000, zingekuwa milioni tatu na laki nne. Desemba 2024, ilipofika 100,000, milioni nne na nusu na zaidi. Niliinunua karibu na bei ya juu kabisa ya msimu ule, na bado ningepata faida kama karo isingenidai baada ya wiki tisa. Kilichoniponza hakikuwa bei. Nilitumia pesa yenye tarehe kwenye kitu kinachoweza kukaa chini miaka miwili na miezi minne.

Kuna dalili ya kujua kama kilele hiki kitavukwa au bei itaanguka?

Watu hutazama umbali kutoka kilele cha zamani. Desemba 2017 bei ilikuwa imefika zaidi ya mara 15 ya kilele cha 2013, na kweli ikaanguka. Ni hoja yenye maana, maana bei iliyokimbia hivyo inabeba watu wengi wenye faida kubwa walio tayari kuuza. Lakini Novemba 2021 kilele kipya kilikuwa kimepita cha Aprili kwa kiasi kidogo tu, kama asilimia saba, na bado bei ilianguka zaidi ya robo tatu. Mimi ndiye niliyeiamini dalili hiyo, kwa hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote kama kinga.

Na ikianguka robo tatu, haitoshi ipande robo tatu ili urudi ulipokuwa. Elfu nne ikibaki elfu moja, lazima ipande mara nne.

Majibu haya yanafaa kwa sarafu zote?

Hapa ndipo ninaposema kwa nguvu: hapana. Kila kilele cha bitkoini kabla ya kile cha Oktoba 2025 kilikuja kuvukwa, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi kitavukwa tena. Sarafu nyingine nyingi hazina hata historia hiyo. XRP ilipita dola tatu Januari 2018, na aliyenunua hapo alingoja miaka saba kuiona tena bei ile. ADA ilifika dola tatu Septemba 2021, na mpaka mwisho wa 2025 haijarudi. LUNA ilikuwa zaidi ya dola mia moja Aprili 2022, na Mei, ndani ya siku chache, ikawa chini ya senti moja. Kwa sarafu kama hizo, kilele kinaweza kuwa kaburi, na kungoja hakukusaidii.

Je, nikigawanya pesa na kununua kidogo kidogo?

Inasaidia, kwa kipimo chake. Kama ningegawa zile milioni tatu kwa miezi 12 kuanzia Novemba 2021, wastani wa bei yangu ungekuwa karibu dola 31,000 au 32,000 badala ya 65,000, na mwishoni mwa Oktoba 2023 ningekuwa tayari nimerudi juu. Hasara yake ni kwamba bei ikipanda moja kwa moja, unapata sarafu chache kuliko aliyenunua zote siku ya kwanza. Tena kwetu kila mara unaponunua mtu anakata chake. Ukikatwa asilimia nne kuingia na nne kutoka, bei lazima ipande zaidi ya asilimia nane kabla hujapata shilingi moja.

Kumbuka pia njia ya kutokea. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizikataza kampuni za malipo kuwezesha watu kubadilisha sarafu hizi kuwa mobail mani, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu haikulitengua katazo hilo. Ukidhulumiwa na mtu unayebadilishana naye, uko peke yako. Siku unayohitaji pesa haraka ndiyo siku utakayouza kwa bei mbaya zaidi.

Shemeji ulimwambia nini?

Tulikaa na daftari. Milioni moja na laki nne zilikuwa na tarehe: karo ya Februari, mbegu na mbolea za Machi. Hizo zilirudi kwenye chama chake cha akiba. Laki sita zilizobaki, aliniapia hazina kazi kwa miaka minne, tukazigawa mara tatu, laki mbili kila mwezi.

Novemba bitkoini iliposhuka chini ya 90,000, alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nilimuuliza kama karo iko. Akasema, "Iko, shemeji." Siku ya mnada akaja na laki mbili za awamu ya pili.