Programu haionekani ukitafuta Play Store

"Programu yangu ya bei za mazao ina wiki tatu Play Store, ila nikiandika 'bei ya mahindi' siioni. Nimekosea wapi?"

Ndugu, tatizo ni jina. Umeiita "Mavuno" tu, na mkulima wa Kibaigwa haandiki mavuno, anaandika anachokitaka. Play Store haikupi wewe mwenye programu kisanduku cha kujazia maneno ya utafutaji, kama App Store ya Apple inavyofanya. Inasoma jina na maelezo yako. Jina lisizidi herufi 30, nafasi zikiwemo. Weka "Mavuno: Bei ya Mahindi Leo", hiyo ni 26. Alizeti na mtama vipeleke kwenye maelezo mafupi, yasiyozidi herufi 80, kwa sentensi ya kawaida. Usirundike maneno, wala usiandike "namba 1" kwenye jina, Google wanakataza.

Aikoni yako ina gunia, mizani na maandishi. Ipunguze hadi ukubwa wa ukucha uitazame: mimi nimeona doa la kahawia tu. Viondoe vyote, weka hindi moja la njano juu ya kijani.

Kabla ya kubadilisha, nenda pale sokoni uwaombe watu watano watafute bei kwa simu zao, nawe uandike kila neno walilotumia, hata lenye makosa.