Kiwanja cha mama, Tabora

"Mama ana miaka 74, haoni vizuri. Amemuuzia mtoto wa dada yake anayemtunza kiwanja kwa laki nane, jirani kauza cha ukubwa huohuo milioni sita. Mkataba unavunjika?"

— Hakutishwa, kaweka dole gumba mwenyewe. Hakuna kesi hapo.

— Ndugu, vitisho ni mlango mmoja tu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, kinaangalia pia nani ana sauti juu ya mwenzake. Anayemlisha mama na kumpeleka hospitali anayo. Bei ndogo peke yake haitoshi, lakini ikiungana na sauti hiyo, mzigo unamhamia mnunuzi: aonyeshe mama aliridhia kwa hiari. Nani alimsomea karatasi? Alipata ushauri wa mtu asiye wa upande wa mnunuzi? Hapo ndipo wengi hukwama. Mkataba unabaki hai mpaka mama mwenyewe aukatae, na hakimu anaweza kuagiza laki nane zirudi. Kwa hiyo asizitumie akakaa kimya.

— Mimi niliuza tumbaku ikiwa shambani, njaa ilinibana. Nami narudishiwa?

— Njaa tu, sidhani. Mnunuzi alikuwa anakudai kabla, akawa na sauti juu yako?